Vifurushi vitatu alafu wote wamejazana cha bei ya chini: jinsi ya kutafuta tatizo liko wapi

Mi nashughulika na hesabu za mtandao mdogo wa waifai wa mtaani, sisi tunapitisha nyaya na antena tunafunga kwa watu, na tuna vifurushi vitatu vya mwezi kama wengi wenu. Msingi 30,000 kwa Mbps 5, Kati 45,000 kwa Mbps 10, na Juu 70,000 kwa Mbps 20. Cha kawaida, kizuri, bora kabisa. Maswali ninayopata kwa wenzangu wenye biashara za namna hii kuhusu mgawanyo, yaani wateja wangapi wako kifurushi gani, yanajirudia yale yale kila mwezi, kwa hiyo nimeyapanga kwa dalili, na chini ya kila dalili nimeanza na sababu inayotokea sana alafu nashuka kwenda zile za nadra. Nitatumia namba zetu wenyewe maana ndo nazijua.

Kabla ya yote: hakikisha unachosoma ni mgawanyo kweli

Nusu ya watu wanaokuja na tatizo la mgawanyo hawana tatizo la mgawanyo, wana tatizo la kuhesabu. Wanachukua risiti zote za mwezi wanagawa kwa vifurushi. Sasa mteja aliyelipa wiki wiki anaonekana mara nne, aliyelipa miezi mitatu kwa mkupuo haonekani kabisa mwezi wa pili.

Unachotaka ni kujua siku fulani moja, nani alikuwa hewani na kifurushi gani. Na usichague tarehe 30. Huku kwetu mtu kifurushi kinamwishia tarehe 27, anasubiri mshahara, analipa tarehe 2 au 3. Ukipiga picha tarehe 30 unaona kama wameondoka wote, na wanaokosekana zaidi ni wa Msingi, basi mgawanyo wako unapendeza kumbe uongo. Sisi tunapiga tarehe 15 kila mwezi, siku ile ile.

Kama malipo yako yako kwenye hifadhidata, hii inatosha:

```
SELECT kifurushi, COUNT(DISTINCT mteja_id) AS wateja
FROM malipo
WHERE mwanzo <= '2025-06-15' AND mwisho >= '2025-06-15'
GROUP BY kifurushi;
```

Kama uko Excel, tarehe iweke H1, kifurushi safu ya C, mwanzo D, mwisho E:

```
=COUNTIFS(C:C,"Msingi",D:D,"<="&$H$1,E:E,">="&$H$1)
```

Angalia tu usiwe na mteja mwenye mistari miwili inayopishana tarehe, hiyo ya Excel itamhesabu mara mbili.

Picha yetu ya kwanza ilitoka hivi: wateja 240, Msingi 168, Kati 60, Juu 12. Yaani asilimia 70, 25 na 5. Weka pembeni na hela pia maana zinasema kitu tofauti: Msingi inaleta 5,040,000, Kati 2,700,000, Juu 840,000, jumla 8,580,000. Kwa hiyo wale 12 wa Juu ni asilimia 5 ya watu ila karibu asilimia 10 ya hela. Wastani wa kila mteja ni 35,750. Iandike hiyo namba mahali, tutairudia.

Dalili ya 1: watu karibu wote wako kifurushi cha chini

Hii ndo kubwa, na ndo iliyotukuta.

*Sababu ya kwanza, na ndo ya kawaida kuliko zote: umechanganya wateja wa zamani na wapya.* Mgawanyo wa wateja wote ni kama bwawa, maji ya miaka mitatu yamo humo. Ukitaka kujua watu wanachagua nini sasa hivi angalia mfereji unaoingia, yaani waliojiunga siku 90 zilizopita peke yao. Sisi tulipowatenga tukapata wapya 40: Msingi 20, Kati 17, Juu 3. Wale 200 wa zamani ni Msingi 148, Kati 43, Juu 9. Unaona? Kwa wapya Kati ni asilimia 42 na ushee, kwa wa zamani ni 21 na ushee. Wale wa zamani wengi waliingia kipindi Kati haipo, walikuta kifurushi kimoja wakakaa humo na hakuna mtu aliyewahi kuwaambia kuna kingine.

Hapo dawa haihusu bei kabisa. Ni kuwafuata wa zamani mmoja mmoja. Ila tahadhari kidogo na hiyo namba 40: ni watu wachache, ile asilimia 42 ukweli wake unaweza kuwa popote kati ya 27 na 58 hivi. Kwetu hata hiyo 27 bado iko juu ya 21 ndo maana tuliiamini. Ungekuwa na wapya 12 usiamue chochote, subiri miezi miwili ijaze.

*Sababu ya pili: anayeuza anauza kimoja tu.* Kuiangalia ni rahisi, chukua simu inayojibu wateja usome mazungumzo 20 ya mwisho. Mi nilikaa na kijana wetu nikasoma. Mteja: "Mambo, waifai bei gani?" Jibu: "Poa, 30,000 tu dada angu, unafungiwa leo leo." Basi. Mazungumzo 20, Kati imetajwa mara 4, Juu mara moja na hiyo ni kwa sababu mteja mwenyewe alisema ana gesti. Na tangazo letu limeandikwa "Kuanzia 30,000/=" kwa maandishi makubwa mekundu, vile vingine viko chini kwa herufi za sisimizi. Sasa utasema wateja wamechagua Msingi? Hawajachagua kitu, wameuziwa.

Chimba zaidi hapo uangalie kamisheni. Fundi wetu alikuwa anapata 5,000 kwa kila nyumba anayofunga, iwe Msingi iwe Juu. Kichwani mwake hesabu iko wazi, taja bei ndogo mtu akubali haraka, upande ngazi, ushuke, uende nyumba nyingine. Mi ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo. Tukabadilisha: 4,000 kwa Msingi, 7,000 kwa Kati, 10,000 kwa Juu, na nusu inalipwa mteja akilipia mwezi wa pili. Hiyo nusu ya mwezi wa pili ni muhimu, bila hivyo fundi atamsukuma mtu Juu leo na mwezi ujao mtu anashuka, wewe umebaki na kamisheni uliyolipa.

Na jibu la wasapu tukaandika upya. Sasa hivi linaanza na swali, "Nyumbani mko wangapi, na kuna tivii ya kuangalia mtandaoni?" alafu ndo vinatajwa vyote vitatu.

*Sababu ya tatu: Msingi inatoa vitu vya Kati.* Hii watu hawaifikirii kabisa. Tofauti kati ya ngazi na ngazi lazima mteja aione kwa macho, na ili aione lazima kweli iwepo. Kama unatumia MikroTik na PPPoE, ingia kwenye terminali uangalie:

```
/ppp profile print detail
/ppp secret print where profile=default
```

Ya kwanza inakuonyesha kila profaili na `rate-limit` yake, ya Msingi inatakiwa isome kitu kama `5M/5M`. Ya pili inakuletea wateja ambao fundi aliwatengeneza akasahau kuwapa profaili, wamebaki kwenye `default` ambayo kama hujaigusa haina kikomo chochote. Sisi tulikuta wateja 46 wa Msingi wako humo. Arobaini na sita! Wanalipa 30,000 wanakula spidi yote iliyopo usiku. Sasa mtu kama huyo unampigia simu umwambie apande Kati apate Mbps 10, si atakucheka, keshapima mwenyewe kwenye simu anapata 25.

Kurekebisha ni kuwahamishia kwenye profaili yao, ila msiwahamishe kimya kimya. Mtu aliyezoea 25 ukimkata kuwa 5 usiku mmoja atasema mtandao wenu umekufa na atahama. Sisi tuliwatumia ujumbe wiki moja kabla, kwamba akaunti yako ilikuwa na hitilafu ikawa inatoa zaidi ya kifurushi, kuanzia tarehe fulani itarudi Mbps 5, ukitaka kubaki juu Kati mwezi wa kwanza utalipa 35,000. Katika 46, 19 walikwenda Kati, 4 waliondoka kwa hasira, waliobaki walinung'unika wakakaa. Na kumbuka ukibadilisha profaili, aliye hewani haimgusi mpaka akate aunganishe upya, usije ukadhani haijafanya kazi ukaanza kubonyeza vitu vingine.

> SIMAMA HAPA: kama wewe sio mtu wa mtandao usiguse profaili wala foleni za spidi mwenyewe, na hasa usiguse saa 2 usiku watu wote wako hewani. Herufi moja ukikosea unazima mtaa mzima. Mwite aliyeufunga huo mtandao, mpe orodha ya majina, akae saa 10 alfajiri afanye.

*Sababu ya nne: ngazi ni ndefu mno.* Kutoka 30,000 kwenda 45,000 ni nusu ya bei ya kwanza imeongezeka, na kuna watu hapo ndo wanasimama. Wengi wanakimbilia sababu hii kwanza, wanashusha bei ya Kati siku hiyo hiyo. Piga hesabu kabla. Tukishusha Kati iwe 40,000, wale 60 waliopo tayari kila mmoja ananipunguzia 5,000, hiyo ni 300,000 kila mwezi imeondoka kabla sijapata hata mtu mmoja. Kila atakayepanda kutoka Msingi ananiongezea 10,000. Kwa hiyo nahitaji watu 30 wapande ndo nirudi sifuri, 30 katika 168, karibu mmoja kwa kila sita. Inawezekana? Labda. Ila inabidi uwe na sababu ya kuamini, na kama sababu ya pili na ya tatu hazijarekebishwa watu 30 hao hutawaona, utakuwa umetoa zawadi kwa wale 60 tu.

Njia yenye hasara ndogo ni kuongeza kitu ndani ya Kati bila kugusa bei, kitu ambacho kwako hakina gharama kubwa na kwa mteja kina maana. Sisi tuliweka "ukipata hitilafu Kati na Juu fundi anakuja siku hiyo hiyo, Msingi ndani ya siku mbili." Gharama yetu haikuongezeka, fundi alikuwa anakwenda tu, tumepanga foleni.

*Sababu ya mwisho, ya nadra kuliko wanavyodhani: mtaa wenyewe hela ndo hiyo.* Upo mtaa wa wapangaji chumba kimoja kimoja, hao 30,000 yenyewe wanachangishana watatu. Utajua ikiwa wapya nao, baada ya kurekebisha yote hapo juu, bado asilimia 80 wanakwenda Msingi kwa miezi mitatu. Hapo kubali, labda hata unahitaji kifurushi cha wiki, ila hayo ni mambo mengine.

Dalili ya 2: Kati imemeza wote, asilimia 75 na kuendelea

Hapa mara nyingi hakuna ugonjwa. Watu wana tabia ya kukwepa ncha, cha chini wanaona kitawaaibisha, cha juu wanaona ni anasa, wanashika cha katikati. Mwaka 1992 watafiti Itamar Simonson na Amos Tversky walichapisha jaribio la kamera za Minolta: walipowapa watu kamera mbili, ya dola 170 hivi na ya dola 240, waligawana nusu kwa nusu. Walipoongeza ya tatu ya dola 470, ile ya 240 ikachukuliwa na asilimia 57, ya chini ikabaki na 22, ya juu 21. Kamera ile ile, bei ile ile, kilichobadilika ni kwamba sasa iko katikati. Kwa hiyo ukiwa na Kati kubwa kwa wapya, kitu kinafanya kazi yake.

Shida inakuwepo kwenye hali mbili. Ya kwanza na ya kawaida, fomu yako au fundi wako anaijaza Kati yenyewe bila mtu kuchagua. Cheki wangapi kati ya waliojiunga Kati wanashuka Msingi mwezi wa pili. Wakishuka wawili watatu kwa kumi, hawakuchagua, walichaguliwa. Ya pili ni kwamba umeikondesha Msingi mpaka haifai, mtu anapanda kwa shida na sio kwa kupenda, na hao ndo wa kwanza kuhama jirani akileta waifai yake. Hii utaisikia zaidi ya kuiona kwenye namba, pigia kumi uwaulize kwa nini hawakuchukua Msingi.

Dalili ya 3: Juu haina watu

Tulikuwa na 12 na bosi akataka tuifute. Nikamwambia bosi, iache. Kazi ya Juu ni mbili: kuwahudumia wale wachache wanaoihitaji kweli, kwetu ni gesti mbili, duka la michezo ya tivii, ofisi ya wanasheria, na kadhalika, na kazi ya pili ni kuifanya 45,000 ionekane bei ya kibinadamu. Ukiifuta Juu, kesho Kati ndo inakuwa ya ghali kuliko zote kwenye tangazo lako, na watu wanaanza kuiogopa.

Ila sio kila Juu yenye watu wachache ni nzima. Cheki moja: je, wale waliomo wanabanwa? Angalia matumizi yao, kama gesti mbili kila usiku wamegonga Mbps 20 na kukaa hapo, basi unao watu wa kununua kikubwa zaidi na hujawawekea kitu, Juu yako iko chini mno. Na kinyume chake, Juu ikipita asilimia 30 ya wapya usishangilie sana, mara nyingi maana yake umeiuza rahisi.

Dalili ya 4: mgawanyo unapendeza kila mwezi, hela zinapungua

Hii ndo inawaumiza wenye kuripoti kwa bosi kwa asilimia tu. Chukua namba zetu uzibadilishe kidogo. Tuseme jirani analeta waifai ya 20,000, wateja 48 wa Msingi wanaondoka, na Kati wanaongezeka wawili. Sasa una Msingi 120, Kati 62, Juu 12, jumla 194. Kati imepanda kutoka asilimia 25 mpaka 32. Wastani wa mteja umepanda kutoka 35,750 mpaka 37,268. Ripoti inang'aa. Lakini hela ni 7,230,000, umepoteza 1,350,000 kwa mwezi.

Kati haikukua. Msingi ndo imekufa, na kigawanyo kikipungua asilimia za wengine zinapanda zenyewe bila mtu kufanya lolote.

Sababu kwa mpangilio: kwanza wa chini wanaondoka, ndo inayotokea sana. Pili, ofa, yaani umewapandisha watu Kati kwa bei ya ofa, kwenye orodha wanasomeka Kati lakini wanalipa 32,000. Kwa hiyo usizidishe idadi ya watu kwa bei ya kwenye tangazo, chukua hela aliyolipa kweli. Tatu, waliolipiwa na ofisi au ndugu zake bosi, wamewekwa Juu bure. Cheka, ila wapo kila mahali.

Dawa ya kuona hili ni kuacha kuangalia asilimia peke yake na kutengeneza jedwali dogo la mwendo: mwezi uliopita alikuwa wapi, mwezi huu yuko wapi. Mistari ni Msingi, Kati, Juu na "hakuwepo", nguzo ni Msingi, Kati, Juu na "ameondoka". Kila mteja anaingia chumba kimoja. Kwa hilo jedwali unaona kwa macho wangapi wamepanda, wangapi wameshuka, wangapi wamepotea na wamepotea kutoka ngazi gani. Mi tangu nianze kulitumia zile asilimia naziangalia mwisho kabisa.

Dalili ya 5: wanapanda Kati, mwezi unaofuata wanarudi Msingi

*Kwanza kabisa angalia ofa.* Mwezi wa kwanza 35,000, wa pili 45,000, mtu anashuka. Kwenye wale 19 wetu niliowataja juu, 6 walirudi Msingi ofa ilipoisha. 13 waliobaki ndo wa kuhesabu, sio 19.

*Pili, hawaihisi tofauti.* Nenda nyumbani kwa mteja mmoja aliyeshuka, chomeka kompyuta kwa waya kwenye ruta upime, alafu pima tena kwa waifai ukiwa chumba anachokaa yeye. Kama kwa waya unapata Mbps 10 na kwa waifai unapata 4, kifurushi hakina kosa, ruta iko nyuma ya friji au kuna kuta mbili za tofali. Nyumba moja nilikuta ruta imefungiwa ndani ya kabati la vyombo, "isipate vumbi". Tuliitoa tukaiweka juu ya mlango wa sebuleni, mama akapandisha mwenyewe wiki ileile bila kuombwa.

*Tatu, bomba lenyewe limejaa.* Kama hata kwa waya spidi inaanguka ikifika saa 2 usiku, tatizo liko kwenu. Jumlisha spidi mlizouza: 168 mara 5, 60 mara 10, 12 mara 20, ni Mbps 1,680. Bomba letu lilikuwa Mbps 300. Kuuza zaidi ya bomba ni kawaida kwenye biashara hii, wote hawatumii kwa pamoja, na mara 5 na ushee sio ajabu. Lakini fungua grafu ya laini inayotoka nje, kati ya saa 1 na saa 5 usiku. Mstari ukiwa na vilima na mabonde mko salama. Ukiwa umekatwa kichwa umelala sawa kama meza, bomba limejaa, na bomba likijaa wa Msingi na wa Kati wanagombania kilekile, hakuna anayehisi alicholipia. Na hapo wale 46 wasio na kikomo ndo walikuwa wanakula sehemu kubwa, kuwarudisha kwenye profaili yao kulitoa meza ile ikawa vilima tena bila kuongeza hata Mbps moja.

> SIMAMA HAPA: grafu ikiendelea kulala na kila mteja yuko kwenye kikomo chake, usiendelee kuuza Kati na Juu. Mwite injinia wa mtandao akague kabla hujanunua bomba kubwa, wakati mwingine kinachobana ni ruta kuu kuchoka au antena moja ya kati kati, na ukiongeza bomba unalipa kila mwezi kwa kitu kisichopita.

Dalili ya 6: mfumo unasema kitu, lipa namba inasema kingine

Fupi hii. Chukua siku moja tu, mstari kwa mstari, linganisha malipo ya mfumo na ujumbe wa simu. Mara nyingi ni mtu kulipia kwa namba ya mke wake, au fundi kupokea taslimu akasahau kuingiza. Ikiwa wiki mbili hazifanani na zinakosekana kwa fundi yuleyule, usimwite kikao wala usiguse rekodi, mpe mhasibu wa nje nakala ya vyote viwili kwanza.

Na kama umefika mahali unataka kubadilisha bei zenyewe kwa wateja waliopo, soma mkataba uliowasainisha, na kama una leseni ya TCRA bei zina utaratibu wake wa tarifu. Hapo tafuta mwanasheria anayejua mawasiliano kabla hujatuma ule ujumbe wa "kuanzia mwezi ujao".

Sisi kwa sasa picha ya tarehe 15 iliyopita ni Msingi 139, Kati 88, Juu 14. Bosi bado anaulizia kuifuta Juu.